Kumjulisha Mkufunzi Mgeni: Uhakiki wa Hotuba Fupi Isiyohakikiwa

Wahakiki wa Kiswahili wameshughulika sana na tenzi, mashairi, hadithi na tamthilia, na katika miaka ya karibuni wengine wamegeukia hotuba za siasa na mahubiri. Walakini iko hotuba moja ambayo husikiwa katika kila ukumbi wa mafunzo, nayo haijapewa haki yake. Ni yale maneno ya dakika mbili au tatu ambayo mratibu wa semina husema anaposimama ili kumjulisha mkufunzi mgeni kwa washiriki. Hotuba hii haichapwi wala haihifadhiwi, na mtu akiulizwa baada ya chakula cha mchana ilisema nini, aghalabu hakumbuki. Hata hivyo ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, kama mgeni atasikilizwa kwa sikio la mwanafunzi au kwa sikio la mtu anayengoja chai.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa sana katika sherehe za kuwapokea wageni, lakini nusu yake ya pili haizingatiwi ipasavyo. Neno *apone* lachukulia kwamba mwenyeji anaumwa, na ya kuwa ugonjwa wake wajulikana. Hotuba ya kumjulisha mkufunzi ikimtaja mgeni peke yake, bila ya kutaja maradhi ya mwenyeji, imeshika nusu ya methali na kuiacha nusu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo si ya adabu tu wala ya haraka tu, bali ni kasoro ya lugha. Imo katika chaguo la vitenzi, katika mpango wa sentensi, na katika viambishi vya mahali na vya nafsi. Na kwa sababu ni ya lugha, yaweza kuchunguzwa na kurekebishwa kwa njia za lugha.

Ili mambo yasielee hewani, yafaa kuchukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Mfano wenyewe umetungwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini sura yake ni ile ijulikanayo na kila mtu aliyewahi kuhudhuria semina. Walimu 40 wa darasa la pili wamekusanyika kwa siku tatu kujifunza mbinu za kufundisha kusoma na kuandika. Mkufunzi ni mwanamke mwenye shahada ya udaktari katika fonetiki, ambaye kabla ya masomo yake ya juu alifundisha shule ya msingi kwa miaka 11. Mratibu amepelekewa wasifu wake kwa simu usiku uliotangulia. Asubuhi anasimama na kusema hivi:

"Ndugu washiriki, mgeni wetu wa leo hahitaji kutambulishwa, kwani ni mtu mashuhuri. Ni mtaalamu wa fonetiki mwenye shahada ya udaktari kutoka ng'ambo. Ni mwandishi wa vitabu vitatu na makala nyingi. Ni mjumbe wa kamati mbalimbali za lugha. Amefundisha katika vyuo kadhaa huko Ulaya na hapa Afrika, na kabla ya hapo aliwahi kufundisha shule ya msingi. Ana uzoefu wa zaidi ya miaka 30. Bila ya kupoteza wakati, naomba tumpokee kwa makofi, Dakta Fulani."

Hakuna uongo katika maneno haya, wala hakuna utovu wa heshima. Mtu akiyasikia kwa mara ya kwanza ataona kuwa yametosha. Lakini yakichunguzwa kama matini, mambo matatu yadhihirika.

Jambo la kwanza ni sarufi ya sentensi zenyewe. Hotuba ina sentensi saba. Katika nne za mwanzo mgeni anaelezwa kwa *ni*, na katika ya sita kwa *ana*. Maana yake ni kwamba sentensi tano kati ya saba zamweka mgeni katika makundi, au zamhesabia mali aliyo nayo: kundi la watu mashuhuri, kundi la wataalamu, kundi la waandishi, kundi la wajumbe, na kisha akiba ya miaka. Vitenzi vya kazi aliyoifanya mgeni ni viwili tu, navyo vimebanwa pamoja ndani ya sentensi ya tano: *amefundisha* na *aliwahi kufundisha*. Ndiyo kusema msikilizaji anaambiwa mgeni ni nani, lakini haambiwi amefanya nini. Mtu hujifunza kwa mwenzake kwa kutazama alivyotenda. Kundi alimowekwa halimfundishi mtu neno.

Jambo la pili ni nyakati. Kiambishi *-me-* katika *amefundisha* chaonyesha tendo lililokwisha na ambalo hali yake ingali ipo. Ni kiambishi cha kuhesabia matokeo. Hakisimulii. Kiswahili kina kiambishi kingine kilicho hodari kwa usimulizi, nacho ni *-ka-*, ambacho huunganisha tendo na tendo lililolitangulia hata msikilizaji akataka kujua la tatu. Katika hotuba nzima ya mratibu hamna *-ka-* hata moja. Hamna tukio lililofuatwa na tukio. Hamna mahali ambapo mgeni alijaribu jambo, likamshinda, akajaribu jingine. Maisha ya miaka 30 yametandazwa kama bidhaa juu ya meza, kila kimoja mahali pake, wala kimoja hakisababishi kingine.

Jambo la tatu ni mpango wa habari. Wanaisimu wa Praha, hasa Vilém Mathesius, walieleza ya kwamba sentensi kwa kawaida huanza na jambo lijulikanalo na huishia kwa jambo jipya, ili lile jipya lipate pa kushikilia. Kanuni hiyo haiishii katika sentensi. Yaifaa hotuba nzima pia. Katika mfano wetu, jambo ambalo washiriki hawalijui, yaani mgeni, ndilo lililowekwa mwanzo, tena likaendelea kuongezewa mambo mengine wasiyoyajua: vitabu ambavyo hawajavisoma, kamati ambazo hawajaziona, miji ambayo hawajafika. Jambo ambalo wao wanalijua kuliko mtu ye yote ukumbini, nalo ni darasa la pili, limetajwa kwa maneno machache katika mkia wa sentensi ya tano, tena kwa *aliwahi*, kitenzi ambacho hutumika kwa jambo la kupita. Kwa hivyo kile kipande kimoja cha wasifu ambacho kingeliwafunga walimu hao kwa mgeni wao ndicho kilichofichwa kuliko vyote.

Matokeo yake yajulikana. Mgeni akianza kusema, mwalimu aliyekaa nyuma hujiambia moyoni kwamba huyu hajui watoto wetu. Wazo hilo haliondoki kwa hoja nzuri, kwa sababu halikuja kwa hoja. Lilikuja kwa ukimya wa yule aliyepaswa kusema kwamba anawajua.

Sasa yafaa kuona jinsi hotuba hiyo hiyo inavyoweza kujengwa upya. Kazi huanza kabla ya siku ya mafunzo. Wakati wa kujiandikisha, kila mshiriki hupewa kipande cha karatasi na kuombwa aandike jambo moja, moja tu, lililomsumbua darasani katika wiki iliyopita. Jina halitakiwi. Yafaa kusisitiza wiki iliyopita, kwa sababu mtu akiulizwa matatizo yake kwa jumla hujibu kwa maneno ya ripoti: upungufu wa vifaa, mazingira magumu, ushirikiano hafifu wa wazazi. Akiulizwa la juma lililopita hujibu kwa mtoto fulani na daftari fulani. Karatasi 40 zaweza kusomwa na kugawanywa katika mafungu kwa muda wa nusu saa. Kisha mratibu humwendea mgeni jioni na kumwuliza maswali matatu: tatizo hili ulikutana nalo wapi, ulifanya nini kwanza, na katika uliyoyafanya, lipi halikufaa. Swali la tatu ndilo muhimu kuliko mengine, kwani wasifu hauandiki kushindwa, na hadithi ya kushindwa ndiyo ambayo washiriki huitambua kuwa ni yao.

Tuseme, basi, ya kwamba karatasi zimesomwa na mgeni ameulizwa. Asubuhi mratibu anasimama:

"Ndugu walimu, jana kila mmoja wenu aliandika jambo moja lililomsumbua darasani wiki iliyopita. Karatasi 23 kati ya 40 zimetaja jambo lile lile: mtoto anataka kuandika *kalamu*, anaandika *karamu*, akisahihishwa leo, kesho kosa linarudi. Mmoja wenu ameuliza, 'Nimsahihishe mara ngapi?' Miaka 35 iliyopita mwalimu mmoja kijana alikabidhiwa darasa la pili lenye watoto 94 na vitabu 12. Alikutana na kosa hilo hilo. Akalisahihisha kwa wino mwekundu muhula mzima, akawaandikisha watoto kila neno mara 10, na mwisho wa muhula akapima, akaona halijapungua. Ndipo alipoanza kujiuliza kama kosa liko mkononi, ulimini au sikioni. Alikaa na swali hilo darasani mle kwa miaka 11, kisha akalipeleka chuo kikuu, na shahada yake ya udaktari ilitokana nalo. Watoto wake walikuwa na lugha moja ya nyumbani. Madarasa yenu mengi yana lugha tatu au nne, na hilo mtamwuliza mwenyewe. Mwalimu huyo ndiye Bi Fulani. Karibu, Mwalimu. Walimu hawa wamekuja na madaftari yao."

Hotuba hii ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haizidi dakika mbili. Haikuongeza sifa yo yote ya mgeni, imezipunguza. Vitabu vitatu havimo, kamati hazimo. Kilichobadilika ni lugha, na mabadiliko yenyewe yastahili kuangaliwa moja moja.

Kwanza, mpango wa habari umepinduliwa. Jambo lijulikanalo na washiriki limewekwa mwanzo, tena kwa maneno yao wenyewe, na jina la mgeni limesukumwa mpaka karibu na mwisho. Msikilizaji anafuata kisa cha mwalimu asiyejulikana jina, na anamkubali kabla hajajua kuwa ndiye aliyeketi mbele yake. Hapo ndipo tofauti kati ya *ni* na *ndiye* inapoonekana. Katika hotuba ya kwanza, "ni mtaalamu" yamtia mgeni katika kundi. Katika hotuba ya pili, "mwalimu huyo ndiye Bi Fulani" haimtii katika kundi lo lote. Yalinganisha watu wawili na kusema kwamba ni mtu mmoja. Kwa neno hilo moja, mtu wa kisa na mtu wa ukumbini wanakutana.

Pili, *-ka-* imerudi: *akalisahihisha, akawaandikisha, akapima, akaona, akalipeleka*. Matukio manne ya mwanzo yanaelekea kwenye kushindwa, na la tano linatoka katika kushindwa huko na kwenda chuoni. Shahada ya udaktari haikufichwa, wala haikudharauliwa. Imetajwa mahali ilipozaliwa. Sasa si pambo, ni sehemu ya jawabu. Mwalimu aliyeandika "Nimsahihishe mara ngapi?" anasikia ya kuwa kuna mtu aliyesahihisha mara 10 na zaidi, akakuta kwamba hesabu ya mara si ndiyo tatizo.

Tatu, mahali pamebadilika. Kiswahili hutenga mahali pa aina tatu: *pa-* kwa mahali palipo dhahiri, *ku-* kwa upande au eneo lisilo na mpaka maalumu, na *mu-* kwa ndani. Hotuba ya kwanza ilitaja *ng'ambo*, na *huko Ulaya*, na *hapa Afrika*. Hata hilo *hapa* limepanuliwa hata likafunika bara zima, likawa halina maana kubwa kuliko *huko*. Hotuba ya pili yasema *darasani mle*. Kiambishi cha ndani chamwingiza mgeni katika chumba chenye watoto 94, na msikilizaji anaingia pamoja naye, kwa kuwa chumba hicho anakijua harufu yake. Kisha mahali panazidi kuwa padogo: *mkononi, ulimini, sikioni*. Swali la mafunzo limekwisha ulizwa, na mkufunzi hajasimama bado.

Yafaa kueleza kwa nini swali hilo ni la haki, kwani mratibu akiunganisha uzoefu wa mgeni na tatizo lisilo lake, kazi yote ni bure. Katika Kiswahili sanifu *l* na *r* ni sauti mbili zenye kutenga maana: kalamu si karamu, mahali si mahari, kula si kura. Lakini katika lugha kadhaa za Kibantu sauti hizo hazitengi maana. Kikuyu, kwa mfano, kina *r* wala hakina *l*. Nyingine zina *l* peke yake. Mtoto aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo hupewa shuleni herufi mbili kwa jambo ambalo sikio lake lalihesabu kuwa moja. Hata Kiswahili chenyewe hakimsaidii daima, kwani *lamba* na *ramba* yote husikika na maana haibadiliki. Sasa, kosa likienda upande mmoja tu, yaani mtoto akiandika *r* kila mahali pa *l* lakini asifanye kinyume chake, ni dalili kwamba anaandika kama anavyotamka. Likienda pande zote mbili bila ya utaratibu, ni dalili kwamba anabahatisha kwa sababu hasikii tofauti. Na likitokea katika maneno machache yale yale tu, basi huenda sikio na ulimi ni vizima, na kasoro iko katika mazoea ya mkono. Wino mwekundu hauwezi kuwatenga watoto hawa watatu, kwa kuwa daftari zao zote zina msalaba ule ule. Mwalimu anayetaka kujua huwapa watoto mgongo, akatamka *kalamu* na *karamu* kwa zamu, nao wakainua mkono wasikiapo la kuandikia.

Maelezo hayo yamo katika makala haya kwa faida ya msomaji. Katika hotuba ya mratibu hayamo, na hayakutakiwa kuwamo. Hapa pana mpaka ambao waratibu wenye bidii huuvuka kwa nia njema. Wakishapewa kisa na mgeni, husimulia mpaka na dawa yake, na mgeni akisimama hukuta kwamba somo lake limekwisha kufundishwa, tena vibaya. Hotuba ya kujulisha huishia kwenye swali, na jawabu ni mali ya mgeni.

Mpaka wa pili wahusu kufanana kwa uongo. Kwa kuwa washiriki hupenda kusikia kwamba mgeni ni mwenzao, mratibu hushawishika kusema "naye amepitia haya haya" hata kama hakuyapitia. Mgeni aliyefundisha watoto 25, kila mmoja na kitabu chake, si mwenzao wa mwalimu mwenye watoto 94 na vitabu 12, hata kama kosa la *l* na *r* walikuwa nalo wote wawili. Uongo huu haudumu. Hufichuka mara mkufunzi asemapo, "Kila mtoto na afungue kitabu chake," na ukumbi ukacheka kicheko kidogo cha chini kwa chini. Baada ya kicheko hicho hata mambo ya kweli hayapokelewi. Ndiyo sababu hotuba ya pili ilitaja tofauti waziwazi: lugha moja ya nyumbani kwa mgeni, lugha tatu au nne kwa washiriki. Sentensi hiyo yaonekana kama yapunguza sifa, kumbe ndiyo iliyozifanya sentensi nyingine zisadikike. Na mgeni asiye na uzoefu wa darasani kabisa aweza kujulishwa kwa njia hiyo hiyo. Husemwa tu ukweli ya kwamba hakufundisha watoto, ila amefanya kazi na watu wazima ambao masikio yao hayakutenga sauti za lugha ngeni. Hapo kiungo kitakuwa tatizo lenyewe, wala si mahali.

Mpaka wa tatu ni aibu. Kutaja matatizo ya watu mbele yao ni jambo la hatari, na hatari huzidi ikiwa afisa elimu ameketi katika kiti cha mbele. Hapa tena sarufi yaweza kuokoa au kuangamiza. Mratibu akisema "mnashindwa kuwafundisha watoto tofauti ya *l* na *r*," mtenda ni mwalimu, na kitenzi ni cha hukumu. Akisema "kosa linarudi," mtenda ni kosa. Tatizo ni lile lile, lakini katika sentensi ya pili mwalimu amesimama upande mmoja na mkufunzi, na wote wawili wanalitazama kosa. Nafsi ya kwanza ya wingi nayo yataka uangalifu. Kiambishi *tu-* cha Kiswahili hakitengi "mimi na ninyi" na "mimi na wenzangu bila ninyi." Mratibu asiyeingia darasani akisema "tunapata shida sana na watoto hawa," washiriki hujiuliza ni *tu-* ipi hiyo. Ni afadhali akasema *mliandika*, akawaachia heshima ya kuwa wao ndio wenye ujuzi wa tatizo. Kwa sababu iyo hiyo jina la shule halitajwi, na karatasi haionyeshwi ukumbini, kwani katika mji mdogo walimu hujuana miandiko.

Wako watakaopinga hayo yote kwa hoja ya heshima. Watasema kwamba katika desturi zetu mgeni hutajwa kwa vyeo vyake, na kwamba kumwita msomi "mwalimu mmoja kijana" mbele ya watu ni kumshusha. Hoja hii haifai kupuuzwa. Kutaja cheo ni sehemu ya adabu ya mkutano, na mkufunzi mwingine aliyetaabika miaka mingi kwa shahada yake ataumia asipoisikia. Lakini mahali pa vyeo pako: yaweza kuchapwa kwa ukamilifu katika ratiba ambayo kila mshiriki huipata mkononi, na mwenyekiti aweza kuvitaja anapomkaribisha mgeni rasmi na viongozi wengine. Hotuba ya kumkabidhi mkufunzi kwa wanafunzi wake ni kazi nyingine. Tena, katika mfano wetu, mgeni aliitwa "Mwalimu" mbele ya watu 40 ambao wao wenyewe ni walimu. Katika nchi ambayo rais wake wa kwanza alijulikana zaidi kwa jina hilo kuliko kwa jina la cheo chake, ni vigumu kusema kwamba ameshushwa.

Wala wazo lenyewe si geni. Sisero, katika kitabu alichokiandika juu ya ubunifu wa hoja akiwa bado kijana, alifundisha ya kwamba kazi ya utangulizi wa hotuba ni kumfanya msikilizaji awe na moyo mwema, awe makini, na awe tayari kufundishwa. Hotuba ya vyeo hutafuta hilo la kwanza peke yake, yaani moyo mwema, na huutafuta kwa njia ya staha. Umakini na utayari haivigusi. Huku kwetu, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulioanzishwa Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa Unesko ulijengwa juu ya fikira iliyo karibu na hiyo: mtu mzima alianza kusoma kwa maneno ya kazi yake, kama vile kilimo cha pamba, ili herufi ngeni zishikamane na jambo alijualo. Mkufunzi mgeni naye ni herufi ngeni. Apewe neno la kushikamana nalo.

Yabaki kusema jinsi ya kupima. Makofi si kipimo, kwa kuwa hupigwa kwa kila mtu. Kipimo cha haki ni swali la kwanza kutoka kwa washiriki. Likiwa, "Mheshimiwa, haya yawezekana huko ulikotoka, lakini sisi shule zetu ni tofauti," mratibu ajue ya kuwa mgeni wake aliachwa mlangoni, na saa nzima ya somo imekwenda katika kubisha hodi. Swali likiwa, "Mwalimu, mtoto wangu anakosea pande zote mbili, nianze na sikio au na ulimi?" basi somo lilikwisha anza kabla mgeni hajasimama.